Ubadilishaji Msimbo

Ubadilishaji msimbo ni matumizi ya lugha mbili au zaidi katika mazungumzo yale yale, yanayofanywa na mtu anayezimudu lugha hizo, ama kwa kuhama baada ya sentensi kukamilika, ama kwa kupachika kipashio cha lugha moja ndani ya sentensi ya nyingine. Neno "msimbo" hapa lina maana ya lugha au lahaja yoyote. Carol Myers-Scotton, ambaye sehemu kubwa ya data yake ilitoka Nairobi, alieleza mwaka 1993 kuwa kila muktadha una lugha inayotarajiwa, na kwamba anayeiacha huwa anapendekeza uhusiano mwingine kati yake na msikilizaji.

Mfano uliotungwa wa kibanda cha omena huko Kibera, ambako Wanubi, Waluo, Waluhya na wengine huishi pamoja, na Kiswahili ndiyo lugha ya kuanzia biashara na mgeni, unaonyesha jambo hilo. Mteja anauliza, "Fungu ni pesa ngapi?" na kujibiwa, "Mia moja." Akitambua kwa lafudhi kuwa muuzaji ni Mluo mwenzake, anasema, "Nyaminwa, konya matin", yaani "Dada yetu, nisaidie kidogo". Hakuna neno la Kiswahili lililomshinda. Anachoomba ni kuhesabiwa ndugu, na ndugu hupunguziwa bei. Muuzaji akijibu, "Bei ni ile ile, mama", kurudi kwake kwenye Kiswahili ni kukataa undugu huo bila kuutaja, na ni jibu hilo, wala si dhana ya mtafiti, linalothibitisha maana ya badiliko.

Ndani ya sentensi, mchanganyiko una sarufi. Kijana wa Kawangware anaposema, "Atanikol kesho", shina "kol", lenye maana ya kupiga simu, ni la Kiingereza, ilhali viambishi vya nafsi, wakati na mtendwa (a-ta-ni-) ni vya Kiswahili na vimefuata mpangilio wa Kiswahili. Kiswahili hapa ni lugha kiunzi, yaani inayotoa umbo la sentensi, na Kiingereza ni lugha pachikwa. Kinyume chake, "hi wil nikol", ambamo kiambishi cha Kiswahili kimetiwa katika kiunzi cha Kiingereza, haisemwi, hata na wachanganyaji hodari.

Hata hivyo, miongoni mwa vijana wengi wa Nairobi mchanganyiko wenyewe ndio unaotarajiwa, hivyo anayetafuta sababu ya kila neno la Kiingereza atajitungia sababu zisizokuwepo. Sheng nayo haifai kuchukuliwa kuwa jambo hilo hilo, kwa kuwa ina msamiati wake: anayeita nyumba "keja" au mama "mathe" anaendelea kusema Sheng, wala hajabadili msimbo.