Kugandisha, kurudisha nyuma na kusogeza fremu katika muhtasari wa mchezo

Hizi ni mbinu tatu za uhariri wa video ambazo hulipa tukio la nusu sekunde nafasi ya kuonekana sawasawa. Kugandisha ni kuisimamisha fremu moja kwenye skrini kwa muda. Kusogeza ni kupita fremu moja baada ya nyingine, mbele au nyuma, kila moja ikikaa kidogo. Kurudisha nyuma ni kuonyesha kipande kikianzia mwisho. Makala hii inazieleza kupitia soka, hasa swali la mpira kuvuka mstari wa goli, kwa kuwa hapo ndipo fremu iliyochaguliwa vibaya hudanganya waziwazi.

Marudio ya papo kwa papo yalionekana kwa mara ya kwanza Desemba 7, 1963, kwenye mechi ya futiboli ya Kimarekani kati ya timu za vyuo vya jeshi la nchi kavu na la wanamaji. Mwongozaji wa CBS, Tony Verna, alirudia shambulio moja kwa mwendo wa kawaida, na mtangazaji alilazimika kuwaambia watazamaji kwamba hawaoni alama mpya. Miaka minne baadaye kampuni ya Ampex ilileta mashine ya HS-100, iliyohifadhi sekunde 30 za picha kwenye diski na iliyoweza kupunguza mwendo, kusimamisha na kurudi nyuma. Leo kompyuta ya mezani hufanya yote hayo. Ugumu uliobaki ni kujua fremu ipi isimamishwe.

Chukua shuti la Frank Lampard, Juni 27, 2010, mjini Bloemfontein, Uingereza ikiwa nyuma ya Ujerumani kwa 2-1. Mpira ulimpita kipa Manuel Neuer juu, ukagonga mtambaa wa panya kwa chini, ukadunda ndani ya goli, ukaruka kurudi nje, na Neuer akaudaka. Mwamuzi Jorge Larrionda hakulikubali goli, na mechi ikaisha 4-1. Mhariri anayetengeneza muhtasari wa tukio kama hili ana fremu chache tu mkononi. Matangazo ya fremu 25 kwa sekunde hutoa picha moja kila sekunde 0.04. Mpira unaokwenda kilomita 100 kwa saa husafiri mita 1.1 hivi katika muda huo, yaani mara tano ya upana wake. Kwa fremu 50 unasogea nusu mita na kidogo. Kwa hiyo mpira waweza kuwa mbele ya mstari kwenye fremu moja na nyuma kabisa kwenye inayofuata, na papo hasa pa kuvuka pasiwepo popote kwenye rekodi.

Wengi hugandisha fremu ambayo mpira uko hewani na unaonekana umepita mlingoti. Hiyo ni fremu dhaifu. Kamera isiyokaa sambamba kabisa na mstari huuona mpira ulio juu mahali pengine na ulipo kweli, na kadiri unavyopanda ndivyo kosa linavyokua. Fremu yenye ushahidi ni ile ya mpira kugusa nyasi, maana hapo hakuna urefu wa kukisia. Unalinganisha mpira na mstari vilivyo kwenye uwanja uleule. Katika tukio la Bloemfontein, fremu ya mdundo inatosha kumaliza ubishi. Ya kugonga mwamba inapendeza, lakini haithibitishi lolote.

Kuipata fremu hiyo ndiko kunakohitaji kusogeza. Mhariri hufika karibu na tukio, husimamisha, kisha hupita fremu mojamoja kwa vitufe vya mshale. Mpira ukiwa unashuka kwenye fremu moja na unapanda kwenye inayofuata, mdundo umeangukia katikati. Kama kuna jua, kivuli humsaidia: kadiri mpira unavyokaribia nyasi ndivyo unavyokaribiana na kivuli chake, na fremu ambayo viwili hivyo vimeshikana ndiyo inayotafutwa. Isipokuwepo, ni afadhali kuonyesha zote mbili, ya kushuka na ya kupanda, kuliko kugandisha moja na kuipa uzito usio wake.

Kabla ya kuziamini fremu, zichunguzwe. Video ya matangazo ya zamani mara nyingi ina mistari iliyopishana, ambapo kila fremu imebeba nusu picha mbili za nyakati mbili. Ukiigandisha, kingo za mpira hutoka meno kama ya kitana. Ikitenganishwa kwa kichujio cha kuondoa mistari hiyo, fremu 25 huwa picha 50, na mhariri hupata nafasi ya ziada ya kulenga mdundo. Kosa jingine ni kuweka kipande cha fremu 25 katika mradi wa fremu 30: programu huongeza nakala, na unaposogeza, mpira hukwama mara moja kila fremu sita kisha unaendelea. Mwendo wa aina hiyo si mpira kupunguza kasi. Tena shata ikiwa ndefu, 1/50 ya sekunde kwa mfano, mpira wenye kasi huacha ukungu wa nusu mita, wala hakuna fremu ya kugandisha itakayousafisha.

Utaratibu unaosomeka vizuri kwenye skrini huanza kwa mwendo wa kawaida hadi mwisho wa tukio, ili mtazamaji ajue kilichotokea. Kisha kipande hurudiwa na kusimama kwenye mguso wa mguu kwa sekunde moja hivi. Mpira ukikaribia mwamba, fremu sita au nane husogezwa, kila moja ikikaa kama robo sekunde, na ile ya mdundo ikae sekunde mbili. Ukigandisha mara tano ndani ya goli moja, hakuna hata moja itakayokumbukwa.

Kurudisha nyuma kutumike kwa uchache zaidi. Kunafaa pale chanzo kilipo mbali na goli, kwa mfano beki aliyepoteza mpira sekunde sita kabla: picha inarudi kutoka wavuni hadi miguuni kwake, inasimama, kisha inaanza tena. Kwa mpira wa mstarini hakufai, maana mpira unaotoka golini kinyumenyume unafanana mno na ule wa Bloemfontein uliotoka wenyewe. Kwa anayetumia `ffmpeg`, sekunde mbili hugeuzwa hivi:

```
ffmpeg -ss 00:38:10 -t 2 -i mchezo.mp4 -vf reverse -an nyuma.mp4
```

Kichujio cha `reverse` hubeba fremu zote kwenye kumbukumbu kabla ya kutoa ya kwanza. Sekunde mbili za fremu 50 kwa ukubwa wa 1920×1080 huchukua megabaiti 300 hivi, ila dakika nzima hupita gigabaiti 9 na kompyuta nyingi hukwama; ndiyo sababu `-ss` na `-t` hutangulia. `-an` huondoa sauti, kwani kelele za mashabiki zikigeuzwa haziwi kelele za mashabiki tena. Badala yake wahariri huacha sauti ya uwanja iendelee chini ya picha.

Fremu iliyoganda husema mpira au mguu ulikuwa wapi, haisemi mchezaji alikusudia nini. Kwa sababu hiyo utaratibu wa waamuzi wa video hutumia mwendo wa polepole kwa mambo ya mahali, kama vile faulo ilitokea wapi au mkono uligusa wapi, na mwendo wa kawaida kupima nguvu ya rafu au kama mkono ulikusudiwa. Mhariri wa muhtasari habanwi na sheria hiyo. Akigandisha buti likiwa juu ya goti la mpinzani, amekwisha kumhukumu mchezaji kabla mtangazaji hajafungua mdomo.