Karatasi, Kiwanja na Mnunuzi

Basi litokalo Mwanza kwenda Dar es Salaam hupita Shinyanga mjini, likapita Didia, kisha likafika Tinde, njia panda ya kwenda Kahama au Nzega. Mahali kama Didia basi likisimama, hata kwa dakika mbili, madirisha yanazungukwa na mabeseni: karanga, mahindi ya kuchemsha, viazi vitamu, na kiangazi kikiingia, michembe na matobolwa, yaani viazi vilivyokaushwa ili vivuke msimu wa njaa. Bei inatajwa, noti inashuka dirishani, chenji inapanda, dereva anaondoa gari.

Biashara hiyo inafanyika mahali ambapo kisheria hapana mfanyabiashara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Mama mwenye beseni yuko ndani ya mita hizo. Ardhi anayosimama iko chini ya TANROADS. Ushuru anaodaiwa ni wa Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, yenye makao yake Iselamagazi. Mnunuzi wake yumo ndani ya basi, na baada ya dakika mbili hayupo tena. Kwa hiyo ana wakubwa wawili na mteja mmoja, na hao watatu hawakai meza moja.

Historia ya wamachinga kwa kawaida husimuliwa kutoka Kariakoo, kwa sababu huko ndiko yaliko magazeti na mabomu ya machozi. Mimi naisoma kwa ajili ya shahada ya uzamili, na nimeona kwamba ukiitazama kutoka kandokando ya barabara ya Usukuma, vitu vitatu ambavyo mjini vinachanganyika vinajitenga vyenyewe. Kuna karatasi, yaani leseni au kitambulisho. Kuna kiwanja, yaani mahali pa kuuzia. Na kuna mnunuzi. Serikali zetu zimegawa karatasi mara nyingi, viwanja mara chache. Mnunuzi wamemkumbuka mara moja tu, na siku hiyo bidhaa ilikuwa dhahabu.

Tuanze na karatasi. Mwaka 1983, wakati maduka yakiwa matupu na Waziri Mkuu Edward Sokoine akiongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, Bunge lilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi. Kila mtu mwenye uwezo alitakiwa kuwa na kazi inayotambulika. Asiyekuwa nayo aliitwa mzururaji, na angeweza kukamatwa mjini na kurudishwa kijijini. Ili muuza karanga asihesabiwe mzururaji, ilibidi awe na kitu cha kuonyesha. Hapo ndipo ilipopata maana leseni ya nguvu kazi, iliyotolewa na halmashauri kwa biashara ndogondogo. Ilikuwa chanzo cha mapato, lakini kwa aliyeibeba mfukoni ilikuwa kwanza kinga ya kutopandishwa kwenye lori.

Karatasi hiyo iliendelea hata baada ya Mzee Ruksa, Ali Hassan Mwinyi, kulegeza masharti ya biashara na vijana kumiminika mijini. Kisha mwaka 2003 serikali ya Benjamin Mkapa ikafuta msururu wa kodi zilizoitwa kero. Kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee waliendelea kuiita kodi ya kichwa, ilikwenda. Leseni ya nguvu kazi nayo ikaenda. Wengi walishangilia, na walikuwa na sababu: watu walikuwa wakifukuzwa vichakani na mgambo kwa sababu ya kodi hizo.

Lakini tazama kilichoondoka pamoja na ada. Leseni ya kawaida ya biashara ilimtaka mtu awe na eneo maalumu la kufanyia kazi, yaani mlango, namba ya kiwanja, anwani. Muuzaji wa beseni hana mlango. Leseni yake ndogo ilipofutwa, hakupewa nyingine ya kuiziba nafasi hiyo. Alikuwa ameachiliwa kodi, na papo hapo amebaki bila karatasi hata moja ya kumwambia askari kwamba yupo kihalali. Mwaka 2006, serikali ya awamu ya nne ilipoagiza miji isafishwe, mabanda yalivunjwa na hakukuwa na leseni ya kuinua juu. Msamaha wa kodi ulikuwa umekula haki.

Desemba 10, 2018, karatasi ikarudi. Rais John Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo. Bei ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na masharti yalikuwa mepesi: mauzo ghafi yasizidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Mwenye kitambulisho asibughudhiwe, asidaiwe ushuru mwingine. Vile vya mwanzo havikuwa hata na jina wala picha ya mwenyewe.

Ili kuona kitambulisho kile kilimfaa nani, tupige hesabu kwa mfano wa kubuni. Mchukue muuza nyanya wa mjini anayetozwa shilingi 200 kila siku na kufanya kazi siku 300 kwa mwaka. Analipa 60,000. Kwake, 20,000 ni nafuu kubwa. Sasa mchukue mwanamke wa kijijini anayeuza michembe siku ya mnada tu, mara moja kwa wiki, na kutozwa 200 ile ile. Kwa wiki 52 analipa 10,400. Kwake, kitambulisho kimezidisha mzigo karibu mara mbili, tena kinadai fedha yote kwa mkupuo, wakati ushuru wa siku unamngoja kwanza auze. Siku asipokwenda mnadani kwa sababu mtoto anaumwa, ushuru wa siku haumdai kitu. Kitambulisho kimeshakula.

Ule ukomo wa milioni 4 nao una mtego wake. Ukiugawa kwa siku 300 unapata kama shilingi 13,300 kwa siku, na hayo ni mauzo, si faida. Anayenunua nyanya za 12,000 na kuziuza kwa 15,000 amepata elfu tatu ya kulisha nyumba, lakini kwa kipimo hicho amevuka mstari wa udogo.

Upande wa halmashauri hasara ilikuwa ya wazi. Ushuru wa kila siku uliingia kwenye mfuko wake, ilhali fedha ya kitambulisho ilipanda kwenda Serikali Kuu. Kwa halmashauri ya vijijini jambo hili si dogo. Msalala ina mgodi wa Bulyanhulu na Geita ina GGM, na huko ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya mgodi ni fedha ya kujengea madarasa. Halmashauri ya Shinyanga haina mgodi wa ukubwa huo ndani ya mipaka yake. Ushuru wa mazao ya biashara, pamba ikiwemo, ulikuwa umeshapunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3. Inayobaki ni minada, magulio na stendi. Ukijua hayo, unaelewa kwa nini mtu mwenye kitabu cha risiti hamwachi kirahisi mwenye beseni, hata kama Rais ameagiza.

Kiwanja nacho kina historia yake. Dar es Salaam ilijengewa Machinga Complex, maghorofa pale Ilala, kwa mkopo wa NSSF. Lilipofunguliwa mwaka 2010 vizimba vingi vilibaki vitupu kwa miaka, kwa kuwa mpita njia hapandi ghorofa kutafuta soksi. Oktoba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, mikoa ilitekeleza agizo la kuwapanga machinga kwenye maeneo rasmi, na barabara za miji mingi zikawa nyeupe. Waliokuwa na vitambulisho waligundua kwamba karatasi yao iliwaruhusu kuuza, ila haikuwahi kutaja wapi. Baadhi ya maeneo mapya yalishika, hasa yale yaliyokuwa karibu na vituo vya daladala. Yaliyokuwa mbali yaliota majani, na wenye vizimba wakarejea barabarani jioni mgambo wakishaondoka. Hiyo ndiyo dalili ya kutazama. Ukiona soko limejaa asubuhi ya ukaguzi na jioni bidhaa zile zile ziko barabarani, ujue limehamishwa banda, mteja kabaki alipokuwa.

Na dhahabu? Januari 2019, wiki chache baada ya vitambulisho, serikali hiyo hiyo ilikutana na wachimbaji wadogo. Februari Bunge likawaondolea kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Machi 17, Geita ikafungua soko la madini, na mikoa mingine ikafuata. Mauzo yakabaki na mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Dhahabu iliyokuwa ikiuzwa gizani ikaanza kuonekana kwenye mizani, na mapato ya serikali yakapanda.

Soko la madini nalo ni eneo rasmi, lenye kuta, risiti na afisa wa serikali. Lilifanikiwa wapi? Makato yalipunguzwa kwanza, kisha yakachukuliwa baada ya mauzo, kwa kadiri ya mauzo. Na zaidi ya hapo, sheria ilimbana mnunuzi: mwenye leseni ya kununua dhahabu alipaswa kuwa ndani ya soko. Mchimbaji hakuhamishwa kutoka kwa mteja. Mteja ndiye aliyeletwa.

Wasukuma hawakuhitaji kufundishwa hili. Mnada wa ng'ombe hufanya hivyohivyo. Siku inajulikana, mnunuzi wa mifugo anakuja na fedha taslimu, na mwenye mitumba, mwenye vyungu, mwenye nyama choma na mwenye michembe wote wanaifuata fedha hiyo. Halmashauri inatoza getini. Hakuna anayelazimishwa kwenda mnadani.

Mahali kama Didia mnunuzi wa siku za katikati ya wiki ni basi. Halmashauri ikijenga vizimba mita mia mbili kutoka barabarani, itapata picha ya uzinduzi na mkopo wa kulipa. Ikipata eneo la kuegesha nje ya hifadhi ya barabara, na LATRA, inayotoa leseni za mabasi na kusimamia ratiba zao, ikayataka yasimame hapo dakika kumi, wenye mabeseni watafika kabla ya vizimba kukauka saruji, na ushuru wa siku utalipika bila mgambo. Halmashauri peke yake haina amri juu ya basi. Kwa hiyo mazungumzo ya kwanza si kati ya mtendaji wa kata na mama wa karanga. Ni kati ya ofisi tatu za serikali ambazo, kwa miaka yote hii, zimeona ni rahisi zaidi kuzungumza naye yeye.