Kutia matriki ulaloni

Lala ametuzalia watoto wawili katika hisabati, nao wanafanana mno. Wa kwanza ni mlalo: mstari uliolala sawa kama upeo wa bahari. Wa pili ni ulalo: mstari unaotoka pembe moja ya mstatili kwenda pembe inayoielekea. Kwenye matriki wote wawili wanakutana, kwa sababu namba zake zimepangwa kwa safu mlalo na safu wima, kisha zile zinazoshuka kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia zinaitwa ulalo mkuu. Anayesoma haraka hubadilisha herufi moja tu na maana yote ikapotea. Wapo wanaopenda mshazari ili kuepuka mgongano huo. Mimi nabaki na ulalo, kwa kuwa ndilo jina la mstari huo kwenye mstatili, na matriki yenyewe tunaichora kama mstatili.

Tatizo kubwa haliko kwenye nomino bali kwenye kitenzi. Ipo kazi ya kuibadili matriki mpaka namba zote zilizo nje ya ulalo mkuu ziwe sifuri. Tuiiteje? Kulaza hakufai, maana tutadhani matriki imechoka. Napendekeza kutia ulaloni. Hata hivyo kuna mtego ndani yake, nao ni heri tuuone kwa mfano.

```
A = | 4  1 |
    | 2  3 |
```

Tunataka A kwa kipeo cha 10, yaani A ijizidishe yenyewe mpaka ziwe A kumi. Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye daftari za wanafunzi ni kupandisha kila namba peke yake: 4 kwa kipeo cha 10, 1 kwa kipeo cha 10, na kuendelea. Kosa hilo huonekana mapema, kwenye kipeo cha 2 tu. Pembe ya juu kushoto ya A² si 16. Safu mlalo ya kwanza inazidishwa na safu wima ya kwanza: 4×4 + 1×2, tunapata 18. Ile 2 ya ziada imetoka kwenye pembe za nje ya ulalo. Ndizo zinazochanganya hesabu. Zingekuwa sifuri, kupandisha namba za ulalo peke yake kungekuwa sahihi kabisa.

Basi mtego wa jina ni huu: msomaji anaweza kudhani kwamba kutia ulaloni ni kuifuta ile 1 na ile 2. La. Tunachobadilisha ni mihimili tunayopimia, na matriki inaendelea kufanya kazi ileile. Tunatafuta mielekeo ambayo A haiipindi, bali inairefusha au kuifupisha tu. Jaribu vekta (1, 1): A inaigeuza kuwa (5, 5), mwelekeo uleule, urefu mara 5. Jaribu (1, −2): inakuwa (2, −4), yaani mara 2.

Namba 5 na 2 zinahitaji jina. David Hilbert, alipoandika mwaka 1904, alizipa kivumishi cha Kijerumani chenye maana ya “ya mwenyewe”, na Kiingereza kikakichukua kivumishi hicho kizimakizima. Waarabu hutumia dhati, neno ambalo nasi tunalo, ila kwetu “thamani ya dhati” inasikika kama thamani isiyo na unafiki. Naona bainifu ni bora zaidi. Wanaisimu wetu wamezoea kusema sifa bainifu za sauti, na 5 na 2 ndizo zinazoibainisha A hivyohivyo. Kwa hiyo: thamani bainifu, na vekta bainifu.

Hazipatikani kwa kubahatisha. Jumlisha namba za ulalo mkuu: 4 + 3 = 7. Kisha tafuta determinanti: 4×3 − 1×2 = 10. Mlinganyo bainifu ni

```
x² − 7x + 10 = 0
```

na majibu yake ni 5 na 2. Ukishazipata, jumla yake lazima irudi 7 na zao lake 10. Isiporudi, usiendelee.

Sasa panga vekta bainifu kama safu wima za matriki P, na thamani zake kwenye ulalo wa D, kwa mpangilio uleule:

```
P = | 1   1 |     D = | 5  0 |
    | 1  -2 |         | 0  2 |
```

Hapo A = P D P⁻¹. P⁻¹ inatupeleka kwenye mihimili mipya, D inarefusha, P inaturudisha nyumbani. Ukiandika A mara mbili, katikati patakuwa na P⁻¹ na P zimesimama bega kwa bega, nazo zinafutana. Ndivyo ilivyo kwa A kumi pia: jozi zote za katikati zinatoweka, inabaki P D¹⁰ P⁻¹, na D¹⁰ ina 9765625 na 1024 tu kwenye ulalo wake. Kwa P⁻¹ ambayo ni theluthi moja ya matriki yenye safu mlalo (2, 1) na (1, −1), tunapata:

```
A¹⁰ = | 6510758  3254867 |
      | 6509734  3255891 |
```

Namna ya kukagua: kwa kuwa A inaizidisha (1, 1) kwa 5, kila safu mlalo ya jibu lazima ijumlike kuwa 9765625. Zinajumlika. Ukiweka 2 kwanza kwenye D bila kubadili P, ambalo nalo ni kosa la kawaida, jumla hiyo inakuwa 1024.

Nisitie chumvi. Kama unataka kipeo cha 10 tu, tafuta A², A⁴, A⁸, kisha zidisha A⁸ na A²: mara nne tu, badala ya tisa. Faida ya ulaloni ni kwamba unapata kanuni ya kipeo chochote n. Pembe ya juu kushoto, kwa mfano, ni (2·5ⁿ + 2ⁿ) ÷ 3, na hapo unaona wazi kwamba 5 ndiyo itakayotawala n ikikua.

Tena si kila matriki inakubali. Kwa mbili kwa mbili, kagua kama mlinganyo bainifu umetoa jibu moja lililojirudia. Likijirudia, na matriki haikuwa tayari na namba hiyo ulaloni na sifuri pembeni, basi mwelekeo bainifu ni mmoja tu, P haina safu wima ya pili, na hakuna cha kutia ulaloni. Mfano:

```
B = |  3  1 |
    | -1  1 |
```

Jumla ya ulalo ni 4, determinanti 4, thamani bainifu ni 2 peke yake. Hapa unaigawa B kuwa 2 kwenye ulalo, pamoja na baki N yenye safu mlalo (1, 1) na (−1, −1). N ikizidishwa na yenyewe inatoa sifuri tupu, kwa hiyo hesabu ya B¹⁰ inakatika baada ya vipande viwili: 1024 kwenye ulalo, jumlisha 10 × 512 × N.

```
B¹⁰ = |  6144   5120 |
      | -5120  -4096 |
```