Neno la wiki: Ghairi

Mtu akipanga safari kisha akabadili nia, kaghairi. Kwenye simu zetu, neno hilo limewekwa juu ya kitufe cha kuachana na hatua uliyokuwa ukiifanya, na hapo ndipo wajanja hujificha. Unataka kujitoa kwenye huduma ya kulipia kila mwezi. Skrini inauliza: "Una uhakika unataka kughairi?" Chini yake kuna vitufe viwili, "Ghairi" na "Endelea". Ukibonyeza "Ghairi", umeghairi huduma au umeghairi kujitoa? Mara nyingi umeghairi kujitoa, na mwezi ujao unakatwa tena. Kitufe kinachokutendea haki husema wazi: "Sitisha malipo".

Kesi inayojulikana zaidi ya hila za namna hii ni ya Amazon. Mwaka 2023, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo ikidai kwamba kujitoa kwenye Prime, huduma yake ya kulipia, kulihitaji kupita kurasa 4, kubonyeza mara 6 na kukutana na chaguo 15. Ndani ya kampuni njia hiyo iliitwa Iliad, jina la utenzi mrefu wa Homer kuhusu vita vya Troya. Jina hilo linanikera, kwa sababu linaonyesha urefu ule ulijulikana. Mwaka 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5.

Ukijitoa popote, usifunge ukurasa mpaka uone tarehe ya mwisho ya huduma. Usipoiona, huenda bado umo. Kitufe kikisema "Hapana, sipendi kuokoa pesa", kibonyeze tu. Aibu hiyo imetungwa ili usite.