Kiitikio cha kuamka mapema: namna kinavyokamata midomo

Kiitikio, ambacho wanamuziki wetu wengi wanaita refre, ni kile kipande cha wimbo kinachorudi-rudi. Kwenye video za telefone, watu wanakifuata kwa midomo bila kutoa sauti: hiyo ndiyo plebaki. Kwa wimbo juu ya kuamka mapema kwenda kazini, mtunzi anapima kila neno kwa macho pia, hapana kwa masikio tu.

Tuchukue mfano. Mtunzi anaanza na mstari huu: «Nilikwisha kuondoka kitandani alfajiri nikielekea kazini». Maana iko, lakini ni silabi 25, na hakuna mahali pa kuvuta pumzi. Anaukata kwa mistari mine, kila mmoja silabi 6:

Amuka, amuka!
Mapema, mapema!
Panda, panda moto,
Kazi inaita!

Kwa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, mstari wa mapigo 4 unachukua sekunde 2.4. Ile mine inaisha kwa sekunde 9.6, ukiirudilia mara moja inakuwa kama sekunde 19, inatosha kwa video moja fupi. Pigo la mwisho la kila mstari linabaki tupu kusudi mtu avute pumzi.

Sasa, midomo. Herufi m, b na p zinafunga midomo kabisa, na kila mtu anaona. «Mapema» inaifunga mara tatu. Lakini k, g na t zinafanyika ndani ya kinywa. Njo sababu «Kazi inaita» ni mstari zaifu: midomo haigusani hata mara moja, na mtu akichelewa kidogo, hakuna alama ya kumrudisha. Mtunzi anaugeuza: «Pesa iko mbele». Silabi ni zilezile 6, lakini midomo inafunga mwanzoni, inafunga tena kwa neno la mwisho.

Tena kuna mukazo. Kwa Kiswahili sauti inakaza silabi ya pili kutoka mwisho: a-MU-ka, ma-PE-ma. Pigo linapashwa kuangukia hapo. Muziki ukikaza A ya kwanza, neno linageuka geni, na watu wanateleza palepale kila mara.

Kuna mpaka pia: m, b na p zinafanana kwa macho. Bila sauti, «mama», «baba» na «papa» ni kitu kimoja. Basi mikono inasaidia: kushika usukani wa moto kwa mstari wa tatu, kusugua vidole kwa neno «pesa».

Kujaribu ni rahisi. Mpe mtu asiyejua wimbo ausikilize mara mbili, kisha umfilme. Mahali midomo yake inabaki nyuma, andika upya mstari ule. Lakini asitumie ekutere za Bluetooth: zinachelewesha sauti kidogo, na kosa litaonekana la maneno kumbe ni la chombo.