Thamani Iliyoganda Januari 2000

Tarehe 10 Januari 2000, jijini New York, Steve Case wa AOL na Gerald Levin wa Time Warner walitangaza kwamba kampuni zao zinaungana. AOL iliwauzia Wamarekani huduma ya intaneti kupitia laini za simu. Time Warner ilikuwa na majarida, sinema, muziki, CNN na kebo za televisheni. Kwa mapato, Time Warner ilikuwa kubwa mno kuliko AOL, lakini mnunuzi alikuwa AOL. Hakulipa fedha taslimu, alilipa kwa hisa zake, ambazo siku hizo ziliuzwa zaidi ya dola 70 kila moja.

Kampuni ikinunuliwa, mhasibu huorodhesha kila anachoweza kukitaja na kukithaminisha: majengo, mitambo, haki za filamu, alama za biashara, orodha za wateja. Hutoa madeni, kisha hulinganisha kinachobaki na bei iliyolipwa. Ziada yoyote huandikwa kwenye mizania kama mali, nayo huitwa gudwili. Ndani yake mna sifa ya kampuni, ujuzi wa watu wake, na faida ambayo mnunuzi anaitarajia kwa kuziweka biashara mbili pamoja. Mna pia fedha alizolipa kupita kiasi, kama alilipa kupita kiasi. Hesabu haiwezi kuvitenganisha hivyo viwili siku ya kwanza.

Muungano ulikamilika Januari 2001. Wakati huo hisa za AOL zilikuwa zimeshaporomoka, lakini kanuni za Marekani ziliitaka bei ya ununuzi ipimwe kwa thamani ya hisa katika siku za kutangazwa kwa mkataba, si siku ya kukamilika kwake. Hivyo matumaini ya Januari 2000 yakagandishwa vitabuni, na gudwili ikazidi dola bilioni 120. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo hasara ilipozaliwa. Yaliyofuata yalikuwa kuisoma tu.

Kwa miongo mitatu kabla ya hapo, gudwili ilipunguzwa kidogo kidogo kila mwaka, kwa muda usiozidi miaka 40. Kampuni nyingi ziliuchukia mzigo huo, na zilizoweza ziliunganisha vitabu vyao bila kuonyesha gudwili yoyote. Katikati ya 2001, FASB, bodi inayotunga kanuni za uhasibu Marekani, ilifunga njia zote mbili. Kila ununuzi ungeonyesha gudwili yake, na gudwili isingepunguzwa tena kwa kalenda. Badala yake, ingepimwa angalau mara moja kwa mwaka kuona kama thamani yake bado ipo. Sababu iko wazi: jina zuri halichakai kwa ratiba kama lori. Linaweza kudumu miaka mingi, na linaweza kuanguka katika mwaka mmoja.

Kipimo chenyewe kilifanywa kwa kila kitengo cha biashara. Kwanza iliulizwa: kitengo hiki kikiuzwa leo, kitaleta kiasi gani? Kama jibu lilikuwa chini ya thamani iliyo vitabuni, mhasibu alijifanya anakinunua upya siku hiyo na kukokotoa gudwili ambayo ingetokea. Pengo kati ya gudwili hiyo na ya zamani lilifutwa kama hasara.

AOL Time Warner ilianza kutumia kanuni hiyo mwaka 2002. Katika robo ya kwanza ilifuta dola bilioni 54. Matangazo ya intaneti yalizidi kupungua, na wateja wakaanza kuhamia intaneti yenye kasi. Katika robo ya mwisho ikafuta bilioni 45.5 nyingine, sehemu kubwa ikiwa ya kitengo cha AOL. Gudwili ya kuinunua Time Warner ilikuwa imepangiwa pia kitengo cha mnunuzi, kwa kuwa ndicho kilichotarajiwa kunufaika na muungano. Hasara ya mwaka mzima ikafika dola bilioni 98.7, na hakuna kampuni ya Marekani iliyokuwa imewahi kutangaza hasara kubwa hivyo.

Hakuna senti iliyotoka benki kwa sababu ya kufuta huko. Waliokuwa na hisa walikwisha kuumia sokoni miezi mingi kabla, na huu ndio udhaifu wa kipimo hiki: huthibitisha msiba, hakiutabiri. Pia hutegemea makadirio ya mapato yajayo, na makadirio hayo mara nyingi huandaliwa na mameneja walewale walioshauri ununuzi. Hata hivyo, bila kipimo, bilioni zile zingeendelea kuonekana kama mali kwa miongo.

AOL ilitenganishwa na Time Warner mwaka 2009. Verizon iliinunua mwaka 2015 kwa takriban dola bilioni 4.4, na baadaye ikaiunganisha na Yahoo katika kitengo kimoja. Desemba 2018 Verizon ilipima gudwili ya kitengo hicho na kufuta karibu yote, dola bilioni 4.6.