Kutambua ushuhuda wa kweli wa wateja kwenye tovuti

Ushuhuda wa wateja ni maelezo mafupi ambayo kampuni huyaweka kwenye tovuti yake kama maneno ya watu waliotumia bidhaa au huduma zake. Kwa kawaida huambatana na jina, mahali anapoishi mteja, picha ndogo na pengine nyota tano. Ushuhuda huu hutofautiana na maoni yanayoandikwa kwenye masoko ya mtandaoni kwa sababu kampuni yenyewe ndiyo inayochagua maneno ya nani yaonekane, na mara nyingi msomaji hana nafasi ya kuyajibu. Hivyo ni rahisi kuubuni. Anayeumia zaidi ni mnunuzi anayetuma fedha kabla ya kuuona mzigo.

Kuutambua ushuhuda wa kubuni hakutegemei sana jinsi maneno yanavyosikika. Kunategemea zaidi kama mteja anayetajwa ameacha alama yoyote nje ya tovuti ambayo kampuni inaitawala.

## Aina za ushuhuda usioaminika

Aina ya kwanza ni ushuhuda wa mtu asiyekuwepo: jina, picha na maneno vyote vimetungwa. Mara nyingine hata hakuna aliyekusudia kudanganya. Violezo vya kutengenezea tovuti huuzwa vikiwa na shuhuda za mfano ili mwenye tovuti aone zitakavyokaa, naye huziacha au hubadilisha jina la bidhaa tu. Matokeo yake ni kwamba sentensi zilezile hukutwa kwenye tovuti za daktari wa meno, wakala wa utalii na fundi wa paa.

Aina ya pili ni ya mtu aliyepo kweli ambaye si mteja wa kawaida, kwa mfano mfanyakazi wa kampuni, ndugu wa mwenye kampuni au mtu aliyelipwa, bila uhusiano huo kutajwa.

Aina ya tatu ni ngumu kuigundua, kwa sababu kila neno linaweza kuwa la kweli. Kampuni huchapisha sifa na kuficha malalamiko. Mfano unaojulikana ni wa Fashion Nova, kampuni ya Marekani inayouza nguo mtandaoni. Kwa mujibu wa madai ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo, tangu mwaka 2015 hadi Novemba 2019 maoni yenye nyota nne na tano yalijichapisha yenyewe kwenye tovuti ya kampuni, huku mamia ya maelfu ya maoni yenye nyota chache yakizuiwa. Januari 2022 ilitangazwa kwamba kampuni imekubali kulipa dola milioni 4.2 ili kumaliza shauri hilo. Mnunuzi aliyesoma maoni yaliyoonekana hakusoma uongo ndani yake. Alichonyimwa ni upande wa pili.

## Kwa nini kusoma peke yake hakutoshi

Watu wengi huamini kwamba wataujua uongo wakiusoma. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walijaribu jambo hilo. Walikusanya maoni 400 ya sifa yaliyoaminika kuwa ya kweli kuhusu hoteli 20 za Chicago, kisha wakawalipa watu waandike maoni mengine 400 ya kubuni kuhusu hoteli hizohizo. Wasomaji watatu walipoombwa kutenganisha sehemu ya maoni hayo, aliyefanya vizuri zaidi alipatia takribani mara 62 katika 100, na aliyefanya vibaya zaidi alipatia mara 53. Huyo wa mwisho hakuzidi sana mtu anayerusha sarafu.

Programu ya kompyuta iliyofundishwa kwa maandishi hayohayo ilipatia karibu mara 90 katika 100, na ilionyesha tofauti moja yenye manufaa. Waandishi wa kweli walitaja zaidi mambo ya mahali, kama vile bafu, ghorofa na udogo wa chumba. Waandishi wa kubuni walizungumzia zaidi nafsi zao, wenzi wao na sababu ya safari. Mtu ambaye hajafika mahali anaweza kubuni kwa urahisi hisia na wenzake wa safari, lakini ni vigumu kwake kujua bafu limekaa upande gani.

Hata hivyo programu hiyo ilijifunza maoni ya hoteli za mji mmoja, kwa hiyo matokeo yake hayawezi kuwa kipimo cha kila bidhaa. Kinachoweza kuchukuliwa ni swali hili: je, ushuhuda una jambo ambalo mtumiaji tu angelijua?

## Njia za uchunguzi

Maneno. Sentensi moja isiyo ya kawaida hunakiliwa na kutafutwa ikiwa ndani ya alama za kunukuu, huku tovuti ya kampuni ikiondolewa kwenye matokeo. Jina la tovuti hapa chini ni la mfano:

```
"sikuamini macho yangu siku ya tatu" -site:kampuni.example
```

Sentensi hiyo ikikutwa kwenye tovuti nyingine ikisifu bidhaa tofauti, basi mmoja amenakili kutoka kwa mwingine, au wote wametumia kiolezo kimoja.

Picha. Picha huhifadhiwa kisha hupelekwa kwenye huduma ya kutafuta kwa picha, kama Google Lens au TinEye. Uso uleule ukitokea kwenye hifadhi ya picha za kuuzwa, au ukiwa na majina mawili tofauti, picha hiyo si ya mteja anayetajwa. Kukosa matokeo hakuthibitishi kinyume chake, kwa kuwa nyuso zilizotengenezwa na kompyuta hazina asili ya kupatikana. Nyingi kati ya zile za miaka ya 2019 na 2020 zina alama ya pamoja: macho hukaa mahali palepale pa fremu katika kila picha, kwa sababu picha zilizotumika kuifundisha kompyuta zilikuwa zimepangwa hivyo. Vifaa vya baadaye si lazima viache alama hiyo.

Wakati. Hifadhi ya kurasa za zamani iliyopo `web.archive.org` huonyesha tovuti ilivyokuwa katika tarehe mbalimbali. Hapo mtu anaweza kuona iwapo maneno yaleyale yaliwahi kuwekwa chini ya jina jingine. Huduma ya `whois` nayo huonyesha tarehe ambayo jina la tovuti liliandikishwa.

Mtu mwenyewe. Ushuhuda unaotaja shule, hoteli au shirika huthibitika kirahisi zaidi, kwa kuwa taasisi hiyo ina anwani yake na inaweza kuulizwa. Kwa mteja binafsi, njia ya staha ni kuiomba kampuni imkutanishe mnunuzi na mteja aliyekubali kuulizwa. Si vyema kumsaka mtu mtandaoni na kumpigia simu bila ridhaa yake.

## Mfano: mashine ya kutotolesha vifaranga

Mfano huu umetungwa ili kuonyesha hatua zinavyofuatana. Mfugaji anaona tovuti inayouza mashine ya kutotolesha yenye nafasi ya mayai 176. Malipo yote hutangulia kwa simu. Kuna shuhuda mbili:

> «Mashine hii imebadilisha maisha yangu na familia yangu! Niliweka mayai 176 na baada ya siku 15 nikapata vifaranga 176. Asanteni sana.» Rehema, mjasiriamali

> «Mara ya kwanza niliweka mayai 170. Siku ya saba nilipoyapima kwa mwanga nikatoa 22 yasiyo na mbegu. Umeme ulikatika saa nne siku ya 12. Nilipata vifaranga 118. Kasoro yake ni kwamba trei ya maji ni ndogo, inabidi kuongeza kila siku.» J. M., Dodoma

Ushuhuda wa kwanza unaanguka kwa elimu ya ufugaji peke yake. Yai la kuku huchukua takribani siku 21 kuanguliwa, na mayai yote 176 kutoa vifaranga ni jambo lisilotarajiwa hata kwa mashine nzuri, kwa kuwa karibu kila mkusanyiko mkubwa huwa na mayai yasiyo na mbegu. Maneno yake ya mwanzo yangefaa kusifia sabuni au simu bila kubadilisha chochote.

Ushuhuda wa pili unapita jaribio hilo. Hesabu yake inakubalika: mayai 148 yalibaki baada ya kupimwa, na vifaranga 118 ni karibu asilimia 80 ya hayo. Kuna kasoro inayotajwa, tena inayohusu sehemu maalumu ya mashine. Lakini mfugaji hapaswi kuishia hapo, maana mfugaji mzoefu aliyeajiriwa na kampuni angeweza kuandika hivyohivyo.

Kwa hiyo anaendelea. Anatazama picha za mashine na kuona trei ya maji inafanana na ilivyoelezwa. Anaangalia tarehe ya jina la tovuti na kukuta lina miezi mitatu, ilhali ukurasa unasema «wateja wetu wa mtandaoni tangu 2016». Anaomba kuzungumza na mteja yeyote wa Dodoma au kuiona mashine ikifanya kazi, na kampuni inajibu kwamba ofa inakwisha leo. Majibu haya mawili yana uzito kuliko ushuhuda wote. Anaamua kutotuma fedha mpaka aione mashine.

## Mipaka ya dalili

Hakuna dalili moja inayotosha. Jina fupi kama «J. M.» laweza kuwa njia ya kulinda faragha ya mteja, hasa tangu Kenya ipate sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019 na Tanzania sheria ya taarifa binafsi mwaka 2022. Makosa ya tahajia hayathibitishi uongo wala ukweli. Lugha iliyonyooka mno inaweza kuwa kazi ya mhariri aliyesafisha maneno ya mteja halisi. Tovuti changa inaweza kuwa ya duka la miaka mingi lililochelewa kuingia mtandaoni.

Zaidi ya hayo, ushuhuda wa kweli huthibitisha tu kwamba mtu mmoja aliridhika. Hausemi ni wangapi hawakuridhika.

## Sheria

Nchini Marekani kanuni iliyoanza kutumika tarehe 21 Oktoba 2024 inakataza ushuhuda wa mtu asiyekuwepo au asiyetumia bidhaa. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 28 Mei 2022, muuzaji anayeonyesha maoni ya wateja hutakiwa kueleza kama anahakikisha yametoka kwa wanunuzi halisi, na anafanyaje hivyo. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 huhesabu maelezo ya uongo au ya kupotosha kuwa biashara isiyo ya haki. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 hukataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na chombo kinachoisimamia ni Tume ya Ushindani. Anayetaka kulalamika hufaa ahifadhi picha ya ukurasa ikiwa na tarehe, kwa kuwa shuhuda huweza kufutwa mara tu maswali yanapoanza.